Vmax imeshuka ama haijashuka? Kutatua maswali ya inhibita za enzaimu

Swali lenyewe huja hivi: unapewa jedwali la sabstreti, yaani kile enzaimu inachokifanyia kazi, na kasi, safu moja bila inhibita, yaani kitu kinachoizuia enzaimu, nyingine ikiwa na inhibita, halafu unaambiwa sema hii ni ya kushindana ama si ya kushindana, toa Vmax, yaani kasi ya juu kabisa ya enzaimu, toa Km, yaani kiasi cha sabstreti kinachofikisha nusu ya kasi hiyo, toa Ki, yaani kipimo cha jinsi inhibita inavyoishika enzaimu, ikiwa ndogo inashika zaidi. Vijana wanaosomea maabara na ukliniki hapa Malindi, na wengine wa Lamu wanaonitumia picha za daftari kwa simu usiku usiku, hukwama karibu mahali pamoja wote. Na si kwamba kanuni hawaijui. Kanuni wameihifadhi: ya kushindana Vmax haibadiliki Km inapanda, isiyo ya kushindana Vmax inashuka Km inabaki pale pale. Shida inaanza namba halisi zikiwekwa mezani na zinaonekana kama zinaikataa kanuni, hapo mtu anaanza kubahatisha.

Kwa hivyo hapa nachukua jedwali moja tu na tutakaa nalo mpaka mwisho. Enzaimu moja, inhibita mbili, A na B, kila moja imewekwa milimola 10. Kasi ni mikromoli kwa dakika, na [S] ni kiasi cha sabstreti.

```
[S] mM    bila    na A    na B
1         33.3    14.3    16.7
2         50.0    25.0    25.0
4         66.7    40.0    33.3
8         80.0    57.1    40.0
```

Kabla hujasoma mbele hebu litazame kidogo uamue mwenyewe ipi ni ipi. Halafu tazama ile safu ya milimola 2 manake hapo ndo mtego wa kwanza ulipo.

Dalili: inhibita zote mbili zinaonekana sawa

Kwa milimola 2 A inatoa 25 na B inatoa 25. Zote zimekata kasi nusu kabisa kutoka 50. Mtu akipewa nukta hiyo moja peke yake hawezi kujua chochote, si wewe, si mwalimu wako, si mtu yeyote, na swali likikupa kasi moja tu bila inhibita na moja na inhibita kisha likakuuliza aina, basi lazima kuna maelezo mengine ndani ya swali ambayo umeyaruka, rudi ukasome tena.

Chanzo ni kwamba tofauti ya hizi inhibita mbili haiko kwenye ukubwa wa uharibifu, iko kwenye jinsi uharibifu unavyobadilika ukiongeza sabstreti. Hiyo ndo sentensi moja ningetaka ibaki kichwani. Sasa kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji grafu wala nini, kalkuleta ya simu inatosha: gawanya kasi bila inhibita kwa kasi na inhibita, kwa kila kiasi cha sabstreti.

Kwa A unapata 2.33, kisha 2.0, kisha 1.67, kisha 1.4. Uwiano unashuka, yaani kadiri sabstreti inavyoongezeka inhibita inazidi kukosa nguvu. Hiyo ni ya kushindana. Kwa B unapata 2.0, 2.0, 2.0, 2.0. Haitikisiki. Sabstreti iwe kidogo iwe nyingi, kasi inakatwa nusu vile vile. Hiyo ni isiyo ya kushindana, ile safi.

Mimi huanza hapa kila mara kabla ya kuchora chochote, manake grafu ikija kuniambia kitu tofauti najua kosa liko kwenye grafu.

Dalili: umeona ni ya kushindana lakini Vmax "imeshuka"

Hii ndo inayoniletea ujumbe mwingi kuliko zote. "Maalim, kitabu chasema Vmax haibadiliki, mbona yangu imetoka 80 ikawa 57?"

Haijatoka 80, na haijawa 57. Hizo ni kasi za mwisho kwenye jedwali lako, si kasi za juu za enzaimu. Vmax si ile namba kubwa kuliko zote uliyopima, ni pale kasi ingefika kama sabstreti ingekuwa nyingi kiasi kwamba kila molekuli ya enzaimu iko kazini muda wote, na kwenye jedwali hili hata ile safu isiyo na inhibita bado haijafika. Vmax ya hii enzaimu ni 100, tutaitoa kwa grafu huko mbele. Km yake ni milimola 2, tazama uone kwa milimola 2 kasi ni 50, nusu ya 100 barabara.

Fomula ya Michaelis na Menten, ile ya 1913, iko hivi, v ikiwa ni kasi:

```
v = Vmax × [S] / (Km + [S])
```

Sasa ukiwa na A, Km ya kuonekana, yaani ile inayosomeka inhibita ikiwepo, imekuwa 6 na Vmax bado 100, nazo tutazitoa kwa grafu. Weka milimola 8 uone: 100 mara 8 gawanya kwa 14 ni 57.1, ndo ile ile ya jedwali. Endelea mbele ya jedwali. Weka milimola 60, unapata 90.9, na bila inhibita ungepata 96.8. Weka milimola 100, unapata 94.3 dhidi ya 98.0. Umeona pengo linavyozibika? Kwa B ukiweka milimola 100 unapata 49, na ukiweka milimola 1000 unapata karibu 50 na hapo hapo inabaki mpaka kiama.

Ukitaka kuona sababu yake, fikiria boti za kuvusha watu kati ya Lamu na Mokowe. Boti ni enzaimu, abiria ni sabstreti, na Vmax ni watu wanaovushwa kwa saa boti zote zikiwa zimejaa. Inhibita A ni watu wanaopanda boti, wanakalia viti, na hawasafiri, wanakaa kidogo wanashuka, wanapanda tena. Jeti ya kupandia boti ikiwa na abiria wachache hao watu wanaharibu sana. Lakini jeti ikifurika abiria, kila kiti kikiachwa tu kinakaliwa na msafiri wa kweli, boti zinajaa na kuondoka kama kawaida. Ndo maana Vmax haiguswi, ila itabidi uwe na abiria wengi zaidi ili boti zijae nusu, na huko kuhitaji wengi zaidi ndo Km kupanda. Inhibita B ni mtu aliyechomoa plagi za injini kwenye nusu ya boti. Abiria wanapanda zile boti bila shida, wanakaa, ila haziendi. Hata ulete watu wa kisiwa kizima jeti, plagi haitarudi kwa sababu ya wingi wa abiria. Vmax imekuwa nusu. Na zile boti zilizobaki nzima ni boti zile zile, zinajaa nusu kwa idadi ile ile ya abiria, kwa hivyo Km haikubadilika.

Dawa ya hii dalili basi: usisome Vmax kwenye namba ya mwisho ya jedwali. Ama tumia grafu ya mstari mnyoofu, ama angalia kama namba mbili za mwisho chini ya safu bado zinapanda sana. Kutoka 40 hadi 57 kwa kuongeza sabstreti mara mbili, hiyo bado inapanda sana, haiko karibu na juu. Na kama uko maabara kweli na si kwenye karatasi, jaribu sabstreti ifike angalau mara tano ya Km, na ukumbuke ukiwa na inhibita ni mara tano ya ile Km mpya iliyopanda, si ya zamani. Kwa A hiyo ni milimola 30, na jedwali letu limeishia 8. Wengi hutengeneza mchanganyiko wao kwa kufuata Km ya enzaimu tupu halafu wanashangaa.

Dalili: umeandika "Km imepanda kwa hivyo mvuto umepanda"

Hii ni fupi. Km kubwa ni mvuto mdogo. Km ni kiasi cha sabstreti kinachohitajika kufika nusu ya kasi ya juu, kikihitajika kingi ina maana enzaimu haiishiki sabstreti kirahisi. Ukijikuta unachanganya, jiulize tu: imebidi niongeze sabstreti? Kama ndiyo, mvuto umepungua.

Na kwenye swali la maelezo usiandike kwamba inhibita ya kushindana "imeharibu mvuto wa enzaimu". Enzaimu yenyewe haijabadilika, molekuli ambayo haina inhibita inashika sabstreti vile vile kama jana. Kilichobadilika ni Km ya kuonekana, manake wakati wowote sehemu ya enzaimu imekaliwa. Wasahihishaji wakali hukata alama hapo, na mimi naona wana haki.

Dalili: mistari ya Lineweaver na Burk haikukutana pale inapotakiwa

Hawa wawili walitoa njia yao 1934, ya kugeuza kila kitu: badala ya v unachora 1/v kwenye mhimili wa wima, na badala ya [S] unachora 1/[S] kwenye mhimili wa ulalo. Ule mkunjo unakuwa mstari mnyoofu. Tugeuze jedwali letu:

```
1/[S]     bila      na A      na B
1.000     0.0300    0.0700    0.0600
0.500     0.0200    0.0400    0.0400
0.250     0.0150    0.0250    0.0300
0.125     0.0125    0.0175    0.0250
```

Mstari wa bila inhibita: kutoka 0.5 hadi 1.0 umepanda 0.010, kwa hivyo mteremko ni 0.02, na ukiurudisha mpaka sifuri unakata mhimili wa wima kwenye 0.010. Hiyo 0.010 ni 1/Vmax, basi Vmax ni 100. Mteremko ni Km/Vmax, 0.02 mara 100 ni 2. Safi.

Mstari wa A: mteremko 0.06, unakata wima kwenye 0.010 ile ile. Vmax 100, Km 6. Mistari miwili imekutana kwenye mhimili wa wima.

Mstari wa B: mteremko 0.04, unakata wima kwenye 0.020. Vmax 50, Km ni 0.04 mara 50, yaani 2. Mistari miwili imekutana kwenye mhimili wa ulalo, upande wa kushoto wa sifuri, pale penye -0.5, na hiyo ni -1/Km.

Sasa angalia kitu ambacho hukosesha watu: mteremko umepanda kwa zote mbili. Kwa A umepanda mara tatu, kwa B mara mbili. Nimeona majibu mengi yanayosema "mstari umekuwa mkali zaidi kwa hivyo ni ya kushindana", na hiyo si sababu, mstari mkali hauambii kitu. Cha kutazama ni wapi mistari inakutana, basi.

Ikiwa yako haikukutana kwenye mhimili wowote, kuna vyanzo vitatu na uviangalie kwa mpangilio huu.

Cha kwanza, umechora kuanzia mahali si sifuri. Watu wakichora kwa mkono huanza mhimili wa ulalo kwenye 0.1 ili wabane nafasi ya karatasi, kisha wanasoma pale mstari unapogusa ukingo wa grafu wakidhani ni mhimili wa wima. Si wenyewe. Mhimili wa wima uko pale 1/[S] ni sifuri, na ukitaka pale mistari ya B inapokutana basi acha nafasi kushoto ya sifuri pia, kwenye karatasi yetu mpaka -0.6 hivi.

Cha pili, nukta moja mbovu. Na hapa ningependa tukae kidogo manake hii njia ya kugeuza ina ugonjwa wake ambao vitabu vingi vya diploma hupita juu juu. Tuseme kwenye safu ya A, ile nukta ya milimola 1, badala ya kusoma 14.3 ulisoma 12.3. Kosa la 2 tu, pipeti ikiteleza kidogo unalipata. Ukigeuza, 1/v inakuwa 0.0813 badala ya 0.070. Sasa fanya kosa lile lile la 2 kwenye nukta ya milimola 8, 57.1 iwe 55.1, ukigeuza unapata 0.0181 badala ya 0.0175, hata huoni kwenye grafu. Yaani nukta zenye sabstreti kidogo, zile ambazo kasi yake ni ndogo na ndizo ngumu kupima, ndizo zinazokaa mbali kule kulia na kuvuta mstari mzima.

Na zinauvuta kiasi gani? Weka zile nne kwenye Excel ukiwa na hiyo 12.3 moja mbovu, zingine tatu ziko sawa kabisa, halafu andika (1/[S] zikiwa A2 mpaka A5 na 1/v zikiwa B2 mpaka B5):

```
=SLOPE(B2:B5,A2:A5)
=INTERCEPT(B2:B5,A2:A5)
```

Mteremko unatoka 0.073 na pale pa kukata wima panatoka 0.0066. Vmax inakuwa karibu 150 na Km karibu 11! Inhibita ambayo imeongeza Vmax, jamani. Mtu anayepata hivyo huanza kutunga nadharia, inhibita imeamsha enzaimu, sijui nini, na kumbe ni pipeti. Ukiona Vmax na inhibita imezidi Vmax bila inhibita, kabla ya kufikiria jambo lingine lolote rudia kupima ile nukta ya sabstreti kidogo kuliko zote.

Njia nyingine ya kujikinga ni kuchora ile ya Hanes na Woolf: [S] kwenye mhimili wa ulalo na [S]/v kwenye wima. Hapo mteremko ndo 1/Vmax na pale pa kukata wima ni Km/Vmax. Data ile ile yenye kosa lile lile inatoa Vmax karibu 112 na Km karibu 7.5. Bado kuna kosa, lakini 112 na 150 si ndugu. Kwenye grafu hii alama zinageuka: ya kushindana mistari inakwenda sambamba, manake mteremko ni ule ule, na isiyo ya kushindana inakutana kwenye mhimili wa ulalo pale -Km. Mwalimu akikulazimisha uchore ya Lineweaver na Burk mchoree, lakini hesabu yako ya kujihakikishia ifanye kwa Hanes.

Cha tatu, na hiki ndo cha mwisho kukifikiria si cha kwanza: ni inhibita ya mchanganyiko kweli. Mistari inakutana kushoto mwa mhimili wa wima lakini juu ya ule wa ulalo, ama chini yake. Vmax imeshuka na Km pia imebadilika. Hii haina ajabu yoyote, tena ndo ya kawaida zaidi kuliko ile safi. Isiyo ya kushindana safi inahitaji inhibita iishike enzaimu tupu na enzaimu iliyokwisha kushika sabstreti kwa nguvu sawa sawa kabisa, na kwa enzaimu ya sabstreti moja hilo ni nadra, sabstreti ikishaingia mara nyingi umbo la enzaimu linabadilika kidogo na inhibita inaona tofauti. Kwenye mtihani wanapenda ile safi kwa sababu hesabu inatoka vizuri. Na ukiona mistari inakwenda sambamba kwenye Lineweaver na Burk, hiyo ni aina nyingine tena, inashika enzaimu ikiwa na sabstreti tu, na Vmax na Km zote zinashuka kwa kiasi kimoja. Usiilazimishe iwe moja ya hizi mbili.

Dalili: inhibita inakaa pale pale pa sabstreti, lakini Vmax imeshuka kweli

Hili swali huwa zuri sana na wengi hulikosa kwa kujiamini. Wanafikiri hivi: inhibita imekaa kwenye kituo cha kazi cha enzaimu, basi ni ya kushindana, basi Vmax haibadiliki. Kisha data inaonyesha Vmax imeshuka nusu na Km haijaguswa, wanaandika "data ina makosa".

Chukua dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti, zile watu wa mashamba wanazipiga kwenye nyanya na mikunde bila glavu. Zinakwenda kwenye kituo cha kazi cha asetilikolinesterasi, hapo hapo panapokaa sabstreti, lakini hazikai na kuondoka, zinajifunga na ile serini kwa kifungo cha kemia. Molekuli iliyofungwa imetoka kazini. Sabstreti uongeze utakavyo haiwezi kuing'oa, kwa sababu kushindana kunataka inhibita iwe inatoka na kuingia. Kwa hivyo kilichobaki ni enzaimu pungufu, na enzaimu pungufu ni Vmax pungufu, na zile nzima zilizobaki zina Km yao ile ile. Ukitazama namba tu utasema isiyo ya kushindana, na grafu haitakusuta. Aspirini nayo kwenye enzaimu ya siklooksijenasi inafanya kazi ya aina hii, inabandika kikundi cha asetili kwenye serini na haitoki, ndo maana chembe sahani za damu ambazo haziwezi kutengeneza enzaimu mpya zinabaki hivyo maisha yao yote.

Utatofautishaje basi? Kwa grafu ile moja huwezi. Kuna majaribio mawili. La kwanza ni kuzimua: changanya enzaimu na inhibita iliyo nyingi, subiri, kisha zimua mara 100 ukapime. Inhibita inayotoka kirahisi itatoka na kasi itarudi karibu yote, ukishahesabu kwamba enzaimu nayo umeizimua. Iliyojifunga haitarudi. La pili ni muda: pima mara tu baada ya kuchanganya, halafu pima tena baada ya kuacha enzaimu na inhibita zikae pamoja dakika 10 na dakika 30. Ya kurudi huwa imeshatulia tangu mwanzo, iliyojifunga inazidi kuua kadiri muda unavyokwenda. Kwenye swali la karatasi tafuta maneno kama "baada ya dayalisisi kasi haikurudi", wameyaweka hapo kwa makusudi.

Na kinyume chake kipo pia. Mgonjwa aliyekunywa pombe iliyotiwa methanoli hupewa ethanoli hospitalini ama fomepizoli kama ipo, na zote mbili zinashindana na methanoli kwenye alkoholi dihaidrojenasi ili isigeuzwe ikawa fomaldehaidi kisha asidi ya fomiki, hiyo asidi ndo inayopofusha macho. Hapo ni kushindana kwa kweli, na ndo maana hawampi mara moja wakamwacha. Lazima kiwango cha ethanoli kishikiliwe kwenye damu muda wote mpaka methanoli itoke, manake ethanoli ikishuka tu na methanoli bado ipo, methanoli inarudi kwenye kiti.

Dalili: aina umepata, Km na Vmax umepata, Ki imekataa kulingana na jibu

Karibu kila mara ni ile 1 iliyosahauliwa. Kiasi ambacho kitu kimebadilika ni:

```
1 + [I]/Ki
```

[I] ni kiasi cha inhibita, kwetu milimola 10. Kwa A, Km imetoka 2 ikawa 6, imepanda mara 3. Basi 1 + 10/Ki ni 3, 10/Ki ni 2, Ki ni milimola 5. Aliyesahau 1 anagawanya 10 kwa 3 anapata 3.3. Kwa B, Vmax imetoka 100 ikawa 50, na hapa lazima ugawanye ya zamani kwa mpya, 100 kwa 50 ni 2, manake Vmax inashuka. Ukigawanya mpya kwa ya zamani unapata 0.5, kisha 10/Ki inakuwa hasi, na Ki hasi haipo. Ukiona hasi, kwanza angalia kama umegeuza juu chini.

Kuhakikisha, tia Ki yako kwenye nukta moja ya jedwali ambayo hukuitumia kuipata. Kwa A na milimola 4: 100 mara 4 gawanya kwa 6 jumlisha 4, ni 40. Ipo kwenye jedwali.

Dalili: Ki uliyopata na IC50 ya swali hazifanani

Hazitakiwi kufanana kila mara. IC50 ni kiasi cha inhibita kinachokata kasi nusu katika hali uliyopimia. Rudi kwenye safu ya milimola 2: A milimola 10 imekata nusu, B milimola 10 imekata nusu. IC50 ya zote ni 10. Ila Ki ya A ni 5 na ya B ni 10. Kwa inhibita ya kushindana uhusiano ni huu, wa Cheng na Prusoff, 1973:

```
IC50 = Ki × (1 + [S]/Km)
```

Kwa A na sabstreti milimola 2: 5 mara 2, ni 10. Kwa A na sabstreti milimola 8: 5 mara 5, ni 25. Inhibita ile ile, enzaimu ile ile, IC50 imepanda mara mbili na nusu kwa sababu tu mtu aliweka sabstreti nyingi zaidi. Kwa B ukipima kwa milimola 2 ama 8 unapata 10 ile ile. Kwa hivyo maabara mbili zikikupa IC50 tofauti za dawa moja, kabla hujaamua kwamba mmoja amekosea, uliza kila mmoja alitumia sabstreti kiasi gani, na kama hawakuandika kiasi cha sabstreti basi hizo IC50 usizilinganishe.